Jinsi nilivyoandika upya ilani ya kodi ya zuio

Ilani yetu ya zamani kuhusu kodi hii, ambayo mteja huikata kwenye malipo yetu na kuilipa KRA kwa niaba yetu, ilisema hivi: "Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, wateja wanakumbushwa kuzuia kodi kwa kiwango kinachostahili na kuiwasilisha ndani ya muda uliowekwa." Kiwango gani? Muda upi? Tuliituma pamoja na kila ankara kutoka afisi yetu ya uhasibu hapa Nairobi, na sikuwahi kuitilia shaka mpaka siku moja benki ilipoonyesha kwamba mteja ametulipa shilingi 110,200.

Ankara yake ilikuwa na ada ya 100,000 na VAT ya 16,000, jumla 116,000. Nilitarajia 111,000. Alikuwa ametoa asilimia 5 kwenye jumla yote, yaani 5,800, ilhali kodi hii hukatwa kwenye ada pekee kabla ya VAT. Nilimpigia simu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na hesabu anaijua vizuri. Akaniuliza, "Dada, ankara yenu ina hesabu mbili. Hiyo asilimia ni ya ile ya juu au ya chini?" Kwa kweli karatasi yetu haikumwambia.

Basi nikaacha kutaja asilimia mwanzoni. Ilani mpya inafungua na pesa zenyewe, na hujazwa upya kwa kila ankara:

"Tulipe sisi shilingi 111,000. Lipa KRA shilingi 5,000 kwa niaba yetu. Hiyo 5,000 ni asilimia 5 ya ada yetu ya 100,000. VAT haihesabiwi hapo."

Tarehe ndiyo iliyonisumbua zaidi. Wateja wengi bado walikuwa wakingoja tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kama ilivyokuwa kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2023. Siku hizi ni siku 5 za kazi baada ya kukata. Rasimu ya kwanza nilimsomea yule mwenye duka, akahesabu Jumamosi na Jumapili pia. Nikaongeza mfano: "Ukitulipa Alhamisi, KRA ipate pesa kufikia Alhamisi inayofuata. Wikendi na sikukuu hazihesabiwi."

Mwisho nikaeleza kwa nini tunaomba cheti: "Ukishalipa, iTax hutoa cheti chenye PIN yetu. Tutumie nakala, ili 5,000 ipunguzwe kwenye kodi yetu ya mwaka." Chini yake niliweka mstari mmoja kwa wateja wadogo, kwamba ada zetu zisipofika 24,000 kwa mwezi hakuna cha kukata.

Kuna pia asilimia 2 ya ada inayokatwa kwenye VAT, lakini hiyo niliiacha nje kabisa. Inawahusu mawakala walioteuliwa na KRA tu, nao wana karatasi yao, ambapo malipo ya ankara kama hii huwa 109,000.

Ankara iliyofuata ya yule mteja ilikuwa ya kiasi kilekile. Ziliingia 111,000, na cheti kikaja siku ya tatu.