Godoro lililofika umri wa kustaafu

Wiki hii nimeshinda na tangazo la godoro. Ni la redio, sekunde 30, limeandikwa kwa Kiingereza na watu walio mbali na hapa, na kazi yangu ni kulifanya lisikike kama limezaliwa Nairobi. Mteja simtaji. Naandika sasa maneno yakiwa bado mdomoni, kwa sababu tangazo hili limenionyesha vizuri kuliko mengi mahali kichekesho kinakaa na mahali kinavunjika.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mume anaamka akilalamikia mgongo, anamwambia mkewe kwamba kulala pale ni kama kusafiri usiku kucha kwenye viti vya nyuma vya ndege. Mke anamrushia neno. Kisha inaingia sauti nzito ya kusifu godoro, inataja waranti ya miaka 5, na inafunga kwa msemo wa Kiingereza ambao juu juu unazungumzia kukosa usingizi lakini ndani maana yake ni kujihangaisha na jambo. Ukiubeba neno kwa neno unapata "usipoteze usingizi juu yake", na msikilizaji wa Kariobangi atabaki akijiuliza juu ya nani.

Kabla sijaandika hata neno moja la Kiswahili, huwa nachora jedwali. Upande mmoja naweka mstari wa Kiingereza, upande wa pili naandika kazi ya mstari huo. Siandiki maana, naandika kazi. Mstari wa ndege kazi yake ni kumfanya msikilizaji ahisi mtu aliyebanwa asiyeweza kugeuka. Neno la mke kazi yake ni kumwaibisha mume kidogo, kwa mapenzi, mpaka akubali godoro jipya. Waranti ni ahadi, na ahadi haiguswi. Jina la bidhaa, bei na tarakimu nazo haziguswi. Hayo yakishawekwa kando, mengine yote yana ruhusa ya kubadilika.

Ndege ilitoka kwanza. Wasikilizaji wengi wa redio ya Kiswahili hawajawahi kulala kwenye ndege, na kwa wengi wao kupanda ndege ni heshima, si mateso. Kwa hivyo kichekesho kingegeuka kuwa majigambo. Cha karibu zaidi kilikuwa matatu. Kila mtu wa Nairobi aliyewahi kubanwa kwenye ubao wa sambaza, katikati ya viti viwili, goti la mtu mwingine likiwa ubavuni, anajua mgongo unavyolia. Nilikipenda, lakini kina kasoro mbili. Ya kwanza, nje ya mji sambaza ni kumtumia mtu krediti ya simu, na tangazo hili litasikika mpaka Mombasa na Kitale. Ya pili, kubeba abiria kupita kiasi ni kosa, sheria za matatu za waziri Michuki za 2004 zilihesabu abiria kiti kwa kiti, na hakuna mwanasheria wa kampuni atakayepitisha tangazo linalochekea hilo.

Hapo nikaacha kutafuta kiti kingine, nikarudi kwenye ile safu ya kazi. Nikaona kwamba nguvu yote iko kwa mke. Kwetu, vichekesho vya nyumbani vinaishi katika majibizano; mtu mmoja analalamika na mwingine anamkata maneno. Mlinganisho mzuri wa mume hauna haja kama mke ana jibu. Ikawa hivi:

Mke: Baba Shiro, anayelia ni kitanda ama ni wewe?
Mume: Ni mgongo.
Mke: Juzi ulisema ni mbu, jana ukasema ni baridi. Serikali yenyewe hustaafisha watu. Wewe godoro umelinyima!

Angalia wanavyoitana. Kiingereza kilikuwa na neno la mahaba, na "mpenzi" ingewafanya wasikike kama watu wa tamthilia iliyotiwa sauti studioni. Mke wa Nairobi aliyechoshwa na mgongo wa mumewe anamwita kwa jina la mtoto, na hapo hapo msikilizaji anajua wameoana zamani, wana mtoto, na godoro ni la tangu enzi hizo. Maneno mawili tu yamebeba kazi ya sentensi nzima.

Nikalipeleka kwa dada anayetuuzia chai na mandazi ofisini. Yeye hajaona Kiingereza, na hilo ndilo ninalotaka. Simuulizi kama limempendeza, kwa sababu atasema ndiyo kwa adabu. Namsomea mara moja, namwacha amimine chai za watu, halafu namwomba anisimulie. Alicheka palepale. Baadaye akaniambia ni tangazo la pensheni.

Huo ndio ugonjwa wa matangazo ya kuchekesha: kichekesho kinameza bidhaa. Unaujua pale mtu anapokumbuka mzaha wote na kusahau kinachouzwa. Sababu ilikuwa wazi. Neno godoro lilikuja mwisho, baada ya serikali na kustaafu kuingia kichwani. Nikaligeuza: "Hilo godoro lina umri gani? Serikali yenyewe hustaafisha watu, wewe godoro hutaki listaafu!" Sasa godoro linatangulia, na kustaafu kunamwangukia mhusika anayefahamika. Nilimsomea mlinzi wa jengo, akanisimulia habari za godoro, na akaongeza za lake mwenyewe.

Kwenye ahadi, rasimu ya Kiswahili ya neno kwa neno niliyokabidhiwa ilisema "dhamana ya miaka mitano". Ni Kiswahili safi, ila kwenye taarifa zetu za habari dhamana ni ya mshukiwa aliyetoka mahakamani. Nimeandika waranti, kama wauzaji wa Gikomba na wa madukani wanavyosema.

Mstari wa kufunga ndio ulioniweka macho. Kiingereza kilimwambia mtu mmoja aache wasiwasi. Lakini godoro la nne kwa sita halinunuliwi na mtu mmoja, hujadiliwa na nyumba, kwa hivyo nilisema nao kwa wingi: "Mlale fofofo." Tanakali ile haihitaji kuelezwa, mdomo wenyewe unalegea ukiitamka. Nilikuwa pia na "usingizi wa pono", ambao wengi wetu tuliuandika kwenye insha za shule ya msingi bila kumwona samaki huyo, lakini sauti ya insha ingelipoza tangazo.

Mteja hasomi Kiswahili, kwa hivyo kila mstari humrudia kwa Kiingereza neno kwa neno. "Fofofo" ilirudi kama pengo. Bila ile safu ya kazi angelikataa, na ningemwelewa. Nilimwandikia kwamba ni sauti ya usingizi mzito, kwamba mtoto na mzee wanaielewa, na kwamba inasimama mahali pa mchezo wake wa maneno. Alikubali, akaomba jina la bidhaa litangulie. Alikuwa na haki.

Rasimu ya neno kwa neno ilichukua sekunde 41. Kiswahili huwa na maneno machache kuliko Kiingereza, ila kila neno ni refu, na studio inalipima kwa silabi. Leo mwigizaji alisoma la kwangu kwa sekunde 31, pamoja na kitanda kulia mwanzoni. Niliondoa "yenyewe" baada ya serikali. Yeye akataka nafasi ndogo kabla ya "listaafu", fundi akafupisha kilio cha kitanda ili ipatikane, na tukarekodi kwa sekunde 30.