Tau tatu kutoka grafu moja: kapasita iliyonikosesha usingizi

Hatimaye imekubali. Siku nne nzima nilikuwa nagombana na kapasita moja ya mikrofaradi 1000, na mchawi alikuwa mkononi mwangu muda wote.

Mdogo wangu yuko kidato cha sita, anapiga maswali ya mitihani ya nyuma kila jioni. Maswali ya kuchaji kapasita yanamsumbua sehemu moja tu: unapewa grafu ya volteji dhidi ya muda, usome taimu konstanti, yaani tau, muda wa volteji kufika asilimia 63 ya dari yake, halafu utafute C au uga wa umeme kati ya bamba. Fomula anayo kichwani. Nikaona badala ya kubishana juu ya grafu za vitabuni, tuchore ya kwetu. Nikaenda Ngamiani kwa fundi redio, nikapata kapasita iliyofunguliwa kwenye ampu ya zamani, rezista ya kilo-omu 100, na kwa hisani yake akaniazima mita ya mshale. Betri sita za redio zikatupa volti 9.0. Hesabu ya kwenye karatasi ni nyepesi: tau = RC = sekunde 100.

Tukafunga swichi. Yeye anaita sekunde kwenye simu, mimi nasoma mshale. Sekunde 30, volti 2.0. Sekunde 60, 3.3. Sekunde 90, 4.2. Sekunde 120, 4.8. Sekunde 180, 5.5. Dakika ya tano, 5.9. Kisha mshale ukakaa kwenye 6.0 ukagoma kabisa.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Nilijua betri ni volti 9, kwa hiyo nikachukua asilimia 63 ya 9, yaani 5.67, nikateremka kwenye mhimili wa muda. Jibu: kama sekunde 215. Mara mbili ya nilichotarajia! Nikalaumu kapasita. Nikasema imezeeka, imevimba, fundi kanipa takataka.

Dogo akaja na jibu lake. "Kaka, mbona unatumia 9 na grafu yenyewe haifiki huko? Dari yake ni 6." Akachukua asilimia 63 ya 6, yaani 3.8, akapata sekunde 75. Tukahakiki kwa kuachia chaji kupitia rezista ileile, mita ikiwa bado imeshika: kutoka 6.0 hadi 3.0 ilichukua sekunde 52. Gawa kwa 0.693, yaani ln ya 2, unapata 75. Majaribio mawili, jibu moja. Nikaanza kuamini kwamba C ni mikrofaradi 750, ingawa kwenye ganda imeandikwa 1000. Kapasita za aina hii huruhusiwa kupotoka asilimia 20 hivi. Asilimia 25 ni nyingi kidogo, ila kwa mzee aliyetoka kwenye ampu nikaona isiwe kesi.

Tatizo lilikuwa njia ya tatu. Nikaweka rula kwenye mwanzo wa grafu, nikachora tanjenti pale sifuri, nikairefusha hadi mstari wa volti 9. Ikakutana nao kwenye sekunde 112. Nikachora tena na penseli iliyochongwa vizuri (penseli butu ni adui wa tanjenti kuliko hesabu mbovu). Bado 112 au karibu yake. Grafu moja, tau tatu: 215, 75 na 112. Usiku huo sikulala vizuri.

Kilichonitoa gizani ni grafu ya logi. Ukichora ln(9 − V) dhidi ya muda unategemea mstari ulionyooka, na mwinamo wake ni −1/RC. Wangu ulianza vizuri kwenye 2.2, halafu ukapinda na kulala kwenye 1.1. Kupinda huko ndiko kunakokuambia kwamba dari uliyoiweka si dari ya sakiti yako. Na 1.1 ni ln ya 3. Volti 3 zilikuwa zimekaa juu ya rezista na hazitaki kuondoka. Volti 3 juu ya kilo-omu 100 ni mikroampea 30, zinapita daima, hata kapasita ikishajaa. Zinakwenda wapi?

Nikageuza mita nikasoma maandishi madogo kwenye uso wake: 20 kΩ/V. Niko kwenye renji ya volti 10, kwa hiyo ukinzani wake ni kilo-omu 200. Volti 6 juu ya kilo-omu 200: mikroampea 30 kamili. Mita ndiyo iliyokuwa ikinywa!

Ukishaliona hilo, kila namba inakaa mahali pake. Mita ikiwa sambamba na kapasita, dari inashuka hadi 9 × 200/300 = 6.0. Ukinzani ambao kapasita inauona ni ule wa rezista na mita vikiwa sambamba, kilo-omu 67. Kwa hiyo 75 ya dogo ilikuwa tau halali, lakini ya sakiti yenye mita ndani yake: gawa 75 kwa 67 elfu, C inakuwa mikrofaradi 1120. Na tanjenti? Mwanzoni kabisa kapasita ina volti sifuri, mita haina cha kunywa, hivyo mwinamo wa pale sifuri ni 9/RC bila mita kuingilia. Ndiyo maana ukiupeleka hadi mstari wa 9 unapata 112, ambayo ni kilo-omu 100 mara mikrofaradi 1120. Ukiupeleka hadi mstari wa 6 unapata 75. Jibu baya kweli lilikuwa 215 langu, lililochanganya dari ya sakiti moja na mkunjo wa sakiti nyingine.

Nikarudia bila kuacha mita imeshika: nagusisha ncha kwa sekunde moja tu kila baada ya nusu dakika. Safari hii volteji ilipanda hadi 8.8 na kitu, na tau ikasomeka kama 110. Kilichobaki chini ya 9 nakiweka kwenye miguso hiyo ya mita na uvujaji wa kapasita yenyewe. Mikroampea mbili tu zinatosha kula volti 0.2 juu ya rezista hii.

Dogo akarudi kwenye mitihani yake, sasa anaanza na kalamu kwenye dari ya grafu kabla ya kugusa 63. Swali likisema voltimita ina ukinzani fulani, namba hiyo haikuwekwa kwa urembo. Kwenye uga ndiko maksi zinakopotea kimya kimya: bamba zikiwa umbali wa milimita 2, uga wa mwisho ni 4500 V/m kwa dari ya 9, lakini 3000 kwa dari ya 6. Tau ya uga ni ileile ya volteji, maana unagawanya kwa umbali wa bamba tu.

Kuhusu mita: watu wanaidharau ya mshale, mimi nimeipenda zaidi. Mshale unakuonyesha mkunjo ukizaliwa, dijitali inakurushia namba. Ila kwa kilo-omu 100, ya dijitali yenye megaomu 10 ingenipunguzia dari kwa asilimia moja tu, na ningelala.

Mpango ulikuwa wiki hii nitengeneze kapasita yangu ya foili na karatasi ya A4. Nimepiga hesabu: kama nanofaradi 16. Na rezista ya megaomu 1 tau ni milisekunde 16, dogo hawezi kuita sekunde hizo. Nimeiacha. Ila hiyo foili imenipa wazo jingine, lile swali la kuchaji, kukata betri, kisha kuvuta bamba: uga haubadiliki, volteji inapanda. Nataka kuiona ikipanda, lakini kwa mita inayokunywa hivi, chaji itakwisha kabla sijavuta. Kesho narudi kwa fundi na mita yake, nimuulize ana kitu gani kisichokunywa.