Nilivyouliza kama mkataba wa mwaka mmoja unaweza kuzaa ajira ya kudumu

Shirika moja la hapa Dodoma lilinipa ofa ya uhasibu kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mshahara ulikuwa mzuri, ila nilikuwa naacha kazi ya kudumu. Nilitaka kujua mapema kama mlango wa ajira ya kudumu upo, na unafunguka kwa masharti gani.

Kwenye simu afisa utumishi aliniambia, "Usijali kaka, huwa tunaongeza." Nilimshukuru, lakini hilo halikuwa jibu la swali langu. Kuongezewa mkataba ni kitu kimoja, kuajiriwa moja kwa moja ni kingine. Kwa kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe siku yake ikifika, isipokuwa wenyewe useme vinginevyo. Mfanyakazi anaweza kudai alikuwa na matarajio halali ya kuongezewa, lakini lazima aonyeshe msingi wake, kama vile kuongezewa huko nyuma au ahadi ya mwajiri. Na hata hapo anachodai ni mkataba mwingine unaofanana na ule ulioisha. Ajira ya kudumu haimo humo.

Nikaandika barua pepe fupi kabla ya kusaini:

"Habari dada. Nimeipokea ofa kwa furaha. Naomba kufahamu: nafasi hii ipo kwenye ikama ya kudumu ya ofisi, au inalipwa na mradi? Kama mtumishi anaweza kuhamishiwa ajira ya kudumu, ni kwa vigezo gani, nani anaamua, na lini?"

Swali la fedha ndilo lililofungua kila kitu. Alijibu kwamba mshahara unatoka kwenye mradi, na mradi ukifungwa nafasi inafungwa nao, hata kama nimefanya kazi vizuri. Ila ofisi ilikuwa imeomba nafasi moja ya mhasibu kwenye bajeti yake ya mwaka unaofuata. Kwangu jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko "usijali", kwa sababu nilijua sasa kipi kiko mikononi mwangu na kipi hakiko.

Kwenye rasimu kulikuwa na kifungu kwamba mkataba hautoi matarajio yoyote ya kuongezwa. Sikuomba kifutwe, maana ni haki yao kujilinda. Niliomba kiongezwe kingine: nifanyiwe tathmini miezi miwili kabla ya mkataba kuisha, nijibiwe kwa maandishi, na bodi ikiidhinisha nafasi ile ya kudumu, nifikiriwe kabla haijatangazwa nje. Mkurugenzi alikataa neno "nitaajiriwa", akakubali "atafikiriwa". Nilikubali, kwa sababu asingeweza kuahidi kabla bodi haijapitisha bajeti.

Baada ya hapo nilisaini. Barua pepe zile nimezichapa na kuziweka faili moja na mkataba, na tarehe ya tathmini nimeiandika kwenye kalenda ya ofisini, ili ikifika niwe wa kwanza kuikumbusha.