Nilivyothibitisha kwamba sin n haina kikomo baada ya kupata sifuri

Hili swali lilikuja kwenye asaimenti yetu ya analisisi mwaka wa pili, mstari mmoja tu: thibitisha kwamba mfuatano sin n, n ikiwa 1, 2, 3 na kuendelea, hauna kikomo. Maksi 5. Nililimaliza ndani ya dakika 2 nikahamia swali linalofuata, na wiki iliyofuata karatasi ikarudi na sifuri, pembeni lekchara kaandika kwa kalamu nyekundu `sin(πn)?` basi, hakuna neno lingine.

Nilichokuwa nimeandika ni kile ambacho nadhani nusu ya darasa tuliandika. Kwamba sini inapanda mpaka 1 inashuka mpaka -1, inafanya hivyo milele, kwa hiyo haiwezi kutulia sehemu moja, kwa hiyo haina kikomo. Nilikasirika kwa kweli, maana niliona nimesema ukweli mtupu. Nikakaa na ile karatasi hosteli usiku natazama yale maandishi mekundu, nikaanza kuweka namba: sin π ni 0, sin 2π ni 0, sin 3π ni 0. Mfuatano mzima ni sifuri tupu na kikomo chake ni 0! Lakini ukichora sin(πx) kwa x yoyote, sio namba kamili tu, grafu inapanda na kushuka vilevile milele. Yaani maneno yangu yote ya kwenye asaimenti yangeweza kuandikwa kwa sin(πn) bila kubadilisha hata herufi, na pale yangekuwa yanathibitisha uongo. Grafu inayumba, sawa, ila mimi sitembei juu ya grafu yote, nakanyaga kwenye namba kamili tu, na kama hatua zangu zingekuwa zinaangukia palepale kila mara nisingeuona huo myumbo kabisa.

Kuanzia hapo nikajiwekea kipimo kimoja ambacho ndicho kilichonivusha. Kila uthibitisho ninaoandika naubadilisha, pale penye hatua ya 1 naweka hatua ya π, halafu naangalia unakatikia wapi. Kama haukatiki popote basi umeoza.

Jaribio la pili nikataka kuchagua namba ambazo sini yake ni 1 kamili, yaani π/2, π/2 + 2π, π/2 + 4π na kuendelea, na nyingine ambazo sini ni -1. Tatizo hizo hakuna hata moja ambayo ni namba kamili, na sin n haifiki 1 kamili hata siku moja. Rumi-meti wangu akaniambia, "Kaka tumia ile kwamba π haiandikiki kama sehemu, itatoka tu." Ni kweli itatoka, kwa njia hiyo unapata hata zaidi, kwamba thamani za sin n zinasambaa zinakaribia kila namba kati ya -1 na 1. Ila hapo unabeba mzigo mkubwa, ukweli kuhusu π alioupata Lambert miaka ya 1760, na uthibitisho wake sio kitu cha kuandika kwenye kona ya asaimenti. Nikahisi lazima kuna njia nyepesi.

Nikachukua kalkuleta nikaanza kuandika jedwali. Nusu saa nzima ilipotea kwa sababu ilikuwa kwenye digrii sio radiani, nilipata sin 8 = 0.139 nikaona namba zinapanda polepole kama mlima wa Usambara, ndipo nikaangalia juu ya kioo nikaona herufi D. Nikageuza iwe radiani na sin 8 ikawa 0.989. Ukiwa unafanya hili jambo anza kwanza kwa kuangalia hicho kiherufi, kabla hujaandika namba yoyote.

Jedwali likaonyesha kitu. Namba 1 na 2 sini zake kubwa, 0.841 na 0.909. Halafu 4 na 5 ziko chini, -0.757 na -0.959. Kisha 8 juu, 11 chini kabisa (-0.99999, ukiiangalia unadhani ni -1), 14 juu 0.991, 17 na 18 chini, 20 na 21 juu. Hakuna raundi hata moja iliyoruka, kila raundi kuna angalau namba moja kamili inayoangukia juu na angalau moja chini. Nikajiuliza kwa nini hairuki.

Jibu nililipata nikiwa nimechora mstari wa namba kwenye daftari. Chukua sehemu za mstari ambazo sini yake ni 0.707 au zaidi. Ya kwanza inaanzia π/4 mpaka 3π/4, yaani 0.785 mpaka 2.356. Inayofuata unaongeza 2π, inakuwa 7.069 mpaka 8.639, halafu 13.352 mpaka 14.923, hivyo hivyo bila mwisho. Fikiria ni mikeka imetandikwa barabarani, kila mmoja una urefu wa π/2 ambayo ni kama 1.57. Sasa mtu anayetembea kwa hatua ya 1 hawezi kuuruka mkeka wa 1.57, atake asitake ataukanyaga. Kwa hiyo kwenye kila mkeka kuna namba kamili, na mikeka haiishi, kwa hiyo kuna n zisizo na idadi ambazo sin n ≥ 0.707. Na mikeka ya chini, kutoka 5π/4 mpaka 7π/4 na kuongeza 2π kila mara, nayo ina urefu uleule, kwa hiyo kuna n zisizo na idadi ambazo sin n ≤ -0.707.

Baada ya hapo kufunga ni rahisi. Tuseme kikomo kipo kinaitwa L. Basi kuanzia n fulani na kuendelea kila sin n iko ndani ya umbali wa 0.5 kutoka L, kwa hiyo zozote mbili kati ya hizo haziwezi kuachana kwa 1 au zaidi. Lakini huko mbele kuna moja ya juu na moja ya chini zinazoachana kwa 1.41 au zaidi. Haiwezekani, L haipo.

Nikaupitisha kwenye kipimo changu: hatua ikiwa π, yaani 3.14, mkeka wa 1.57 unarukwa bila shida, uthibitisho unakatika palepale unapotakiwa kukatika. Hapo nililala.

Kesho yake kwenye diskasheni mwenzetu mmoja akapinga, na hoja yake ilikuwa nzuri. Akasema mbona sin 22 ni -0.00885, sin 44 ni 0.0177, na sin 355 ni -0.00003, huoni kwamba kadiri unavyoenda mbele unapata ndogo zaidi, labda inaelekea 0? Ni kweli zipo ndogo vile, na sababu ni kwamba 22/7 na 355/113 zinakaribia sana π. Hiyo ya pili alikuwa nayo Zu Chongzhi kule China karne ya 5. Namba 355 imepita 113π kwa 0.00003 tu, ndo maana sini yake karibu inapotea. Lakini kuwepo kwa namba kadhaa zinazokaribia 0 hakusemi chochote kuhusu zilizo katikati, kati ya 22 na 44 umeshapita mikeka ya juu na ya chini kibao, 27 kwa mfano ina 0.956. Na hata ukichukua mafungu ya 355 peke yake, 355, 710, 1065 na kuendelea, kile kibaki cha 0.00003 kinajilimbikiza kidogo kidogo, ukifika fungu la 52,000 hivi, yaani namba kama milioni 18.5, kimeshafika π/2 na sini iko karibu na 1 au -1. Mtu anayeangalia kwenye skrini mafungu elfu moja ya mwanzo angeapa kwamba kikomo ni 0.

Halafu dada mmoja ambaye alikuwa kimya muda wote akaandika njia yake ubaoni, na haina mkeka wala namba. Alianza na hii:

```
sin(n+1) − sin(n−1) = 2 · cos n · sin 1
```

Kama sin n inaelekea L, basi sin(n+1) na sin(n−1) zote zinaelekea L, upande wa kushoto unaelekea 0. Upande wa kulia sin 1 ni namba isiyo sifuri, 0.841, kwa hiyo ni cos n ndiyo inayoelekea 0. Akaendelea:

```
sin(n+1) = sin n · cos 1 + cos n · sin 1
```

Ukienda kwenye kikomo, kushoto L, kulia L·cos 1 + 0. Kwa hiyo L(1 − cos 1) = 0, na cos 1 ni 0.540 sio 1, lazima L iwe 0. Sasa sin n na cos n zote mbili zinaelekea 0, lakini sin²n + cos²n ni 1 kwa kila n. Imeisha. Mistari 5 na hakuna aliyehitaji kujua π ni namba ya aina gani.

Nikamuuliza, "Dada, ukiweka π hapo inakatikia wapi?" Akafuta sin 1 akaandika sin π, akaniangalia. Ni 0, na hapo huwezi tena kusema chochote kuhusu cos, maana kulia pote ni sifuri hata cos ifanye nini.

Mimi bado naupenda mkeka kwa sababu unakuonyesha kwa macho namba ziko wapi, ila una mpaka wake na niliugundua wiki hiyohiyo nilipojaribu sin(5n). Hatua ya 5 inaruka mikeka: kutoka 5 kwenda 10 umeruka ule wa 7.069 mpaka 8.639, kutoka 10 kwenda 15 umeruka unaofuata, ndo ukifika 20 unakanyaga mmoja. Labda ungekanyaga nyingi huko mbele lakini ule uthibitisho wangu haukwambii. Njia ya dada inapita moja kwa moja, unaweka 5 pale palipokuwa na 1, sin 5 ni -0.959 sio sifuri, cos 5 ni 0.284 sio 1, mengine yote yanabaki vilevile. Na kwa hatua yoyote α ni hivyo hivyo, inakwama tu pale sin α inapokuwa 0, yaani α ikiwa ni fungu kamili la π, na hapo kweli kikomo kipo na ni 0.

Nikaandika upya nikampelekea lekchara ofisini, mikeka ukurasa wa kwanza, njia ya dada ukurasa wa pili na jina lake juu. Akasoma kasimama, akauliza, "Na cos(πn) je?" Nikamwambia, "Hiyo ni -1, 1, -1, 1, dokta, haina kikomo, ila njia ya ukurasa wa pili haiwezi kuiona kwa sababu ya sin π." Akaniambia, "Sawa kijana," akafuta ile sifuri akaandika 4.