Mstari wa Saba

Binti wa dada yangu kanitumia mkataba wa kuandikia blogu ya hoteli, na chini yake swali: "Mama mdogo, hizi 'haki zote' ndizo zipi?" Nikaukumbuka ule wangu wa makala tano za Mji wa Kale wa Mombasa, shilingi 6,000 kila moja, kwa kampuni ya utalii kule Nyali.

Kabla ya kutia saini niliupeleka kwa wakili mmoja mzee karibu na Treasury Square, rafiki wa marehemu baba. Aliusoma hadi mwisho, akauliza, "Mwanangu, mbona hausemi makala ni za nani?"

"Si zangu, mzee, maadamu naandika mimi?"

Akanifungulia Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31. Mtu akikuagiza kazi, nawe si mwajiriwa wake, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kumbe kwetu Kenya mkataba ukinyamaza, unamsemea aliyeagiza.

Akachukua kalamu. Mstari wa saba ulisema malipo ni siku 30 baada ya makala kuchapishwa. "Wasipoichapisha, hizo siku 30 zaanza lini?" Akaukata, akaandika juu yake, polepole, kwa hati ya watu wa zamani: siku 14 baada ya makala kupokewa. Pembeni akaongeza kwamba hakimiliki inabaki kwa mwandishi. Kampuni ina leseni ya kuitumia makala kwenye blogu yake, na kwa mwaka wa kwanza leseni hiyo ni yake peke yake. Leseni ya namna hiyo, akasema, lazima iwe kwa maandishi. Mwisho akaweka fidia ya kughairi: wakiiacha makala baada ya kupokea rasimu, walipe nusu, na makala irudi kwangu niiuze nitakako. Nusu kwa sababu kufikia rasimu nimeshazunguka, nimeshahoji watu, nimeshaandika.

Kampuni ilinung'unika kidogo, ikakubali. Tukatia saini pembeni mwa kila badiliko. Tatu zilichapishwa, mbili wakaziacha kwenye rasimu, nikalipwa 3,000 kwa kila moja. Ile ya wauza kahawa nikaimalizia na kuiuza kwingine.

Kisha nikaikuta aya yangu ya milango ya nakshi kwenye kipeperushi, mezani mwa mapokezi ya hoteli. Mkataba ulisema blogu. Niliwaandikia, wakajibu kwamba kipeperushi kina anwani ya blogu, kwa hiyo ni kitu kimoja. Siku chache baadaye wakanitumia shilingi 2,000, hawakueleza ni za nini. Nilizipokea. Hadi leo sijajua kama kwa kuzipokea niliwapa ruhusa ya kuchapa vingine, au walinilipa kile kimoja tu.