Bati za Uyole

Ilikuwa Julai 2023, na anayeijua Mbeya anajua baridi ya Julai. Nilikuwa nimejifunika mablanketi mawili chumbani kwangu Sae, simu mkononi, nikitazama kwa mara ya nne stetasi ya rafiki yangu. Nyumba yao ya Uyole ilikuwa imepauliwa. Bati jekundu linang'aa, mafundi wako juu ya kenchi, na chini yake ameandika: "Mungu ni mwema, tumefika hapa."

Mimi na yeye tulilala kitanda cha juu na cha chini chuo cha ualimu. Tukaajiriwa mwaka mmoja, 2013, daraja moja, mshahara uleule hadi shilingi ya mwisho. Hapo ndipo palipouma. Mwanjelwa kuna wafanyabiashara wenye maghorofa na sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili yao. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kuwa mtu hujipima na yule anayefanana naye, si na aliye mbali naye. Nilipoyasoma hayo niliikumbuka ile bati.

Wivu wangu ulikuwa na hatua zake. Kwanza niliacha kumwandikia "hongera". Halafu nikaona aibu kwamba jina langu linatokea kwenye orodha ya waliotazama ilhali niko kimya, kwa hiyo nikaingia kwenye mipangilio ya WhatsApp nikazima tiki za bluu. Ukizizima, mwenye stetasi hajui kama umeitazama, na wewe pia huwaoni wanaotazama za kwako. Nikawa namchungulia rafiki yangu kama mwizi. Nilijaribu hata kumnyamazisha ili picha zake zisinijie juu. Lakini stetasi iliyonyamazishwa haifutiki, inashushwa chini tu, nami kila usiku nilishuka hadi huko chini kuitafuta.

Jumamosi moja alinipigia. "Mwenzangu, umeninunia? Njoo uone tulipofikia, nimepika." Nilikosa la kusingizia. Nikapanda daladala.

Nyumba ilikuwa ndiyo ileile ya kwenye picha, nzuri, wala sitasema ilikuwa na kasoro niliyoifurahia. Ila picha ilipigwa kutokea barabarani. Ndani, sakafu ilikuwa udongo, madirisha yamezibwa kwa maturubai, na familia nzima inalala chumba kimoja kilichowekewa mlango. Tukakaa jikoni kwenye mabenchi, tukamenya viazi, na nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza tangu mwanzo: mlianzaje?

Alinihesabia bila kuficha. Kiwanja walinunua 2015, kwa viazi vya mume wake vya misimu miwili. Matofali walifyatua na kuchoma wenyewe 2016. Msingi 2018. Kuta zikafika lenta 2020, zikakaa zinanyeshewa miaka mitatu. Ndipo akachukua mkopo wa benki wa milioni saba kwa ajili ya mbao na bati, unaokatwa kwenye mshahara kwa miaka mitano. "Mwezi uliopita nilibakiwa na kidogo mno," alisema, "chumvi tulikopa dukani." Miaka minane yote hiyo, mimi niliiona kwa picha moja inayodumu saa 24.

Kisha akaniuliza, "Na mdogo wako, alimaliza uuguzi?"

Alimaliza, 2021. Ada yake ilikuwa milioni moja na laki tatu kwa mwaka, kwa miaka mitatu, bado chumba, chakula na sare. Niliilipa peke yangu baada ya baba kufariki. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwezekea mama nyumba yake Tukuyu, maana mvua ya kule haina huruma na nyasi zilikuwa zimeoza. Nilianza kujumlisha kwa sauti, kisu mkononi, na nikanyamaza katikati. Hata bila kuhesabu chakula na bati za mama, ada peke yake ilikuwa imefika milioni tatu na laki tisa. Sikuwahi kuipiga picha hata risiti moja. Usiku wote ule wa mablanketi nilikuwa nimejiandikia sifuri.

Sikumwambia kwamba nilimwonea wivu, maneno yalinikwama. Nilimwambia tu kwamba nilikuwa nimezima tiki ili asijue kama namtazama. Aliniangalia kwa muda, akapunguza moto, akasema, "Nilidhani umenichoka. Kila nikiweka picha nilikuwa naangalia kama jina lako lipo."

Sijui kama kuna kitu kimeniuma zaidi ya hicho mwaka ule wote.

Kwenye daladala ya kurudi, kabla hatujafika Sae, nilizirudisha tiki. Stetasi yake ya asubuhi ilikuwa bado ipo: sufuria ya viazi na kipande cha dirisha lenye turubai. Nikaifungua, nikaandika, "Hongera sana, ndugu yangu. Fremu za madirisha mnaweka lini? Namfahamu fundi mmoja wa Ilomba."

Alijibu kabla sijashuka. Alitaka namba ya fundi.