Nilivyopanga ukurasa wa bei, saa na vyeti kwa wateja wa ng'ambo

Natafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na karibu wateja wangu wote wako ng'ambo. Tovuti yangu ina kurasa kadhaa, lakini unaoniletea kazi ni ule wa huduma na bei. Nimeuandika ili mtu asiyenijua aweze kujipigia hesabu ya ankara, na kujua lini atapokea kazi, kabla hajaniandikia.

Bei nimeitaja kwa neno la matini chanzi, na nimesema hivyo waziwazi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo tafsiri mara nyingi hutoka na maneno machache kuliko Kiingereza chake. Tuseme mwongozo wa maneno 3,200 umetoka na maneno 2,700 ya Kiswahili. Kwa dola 0.10 kwa neno, ukihesabu chanzi ni dola 320. Ukihesabu tafsiri ni dola 270, na jasho ni lilelile. Isitoshe, maneno ya chanzi yanahesabika kabla kazi haijaanza, kwa hiyo mteja anaijua jumla mapema na hakuna anayeshuku kwamba nimerefusha sentensi.

Chini ya bei hiyo kuna kiwango cha chini cha malipo kwa kazi ndogondogo. Maneno 40 ya programu ya simu nayo yanataka barua pepe, uhakiki na ankara. Halafu kuna mstari kuhusu gharama za benki. Malipo ya SWIFT, mtandao wa benki wa kutuma fedha kimataifa, hutumwa kwa mojawapo ya namna tatu: OUR, mtumaji hubeba gharama, SHA, mnagawana, BEN, mpokeaji hubeba. Mteja akichagua SHA, benki ya katikati inaweza kumega kiasi njiani, na ankara ya dola 320 ikafika pungufu. Mimi naomba OUR, na ombi hilo liko kwenye ukurasa na kwenye ankara pia.

Saa ndizo zilizonichukua muda mrefu zaidi kuzipanga. Mimi niko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, na huku saa hazisogezwi mwaka mzima. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Katikati hapo, tofauti ya New York na London ni saa nne badala ya tano za kawaida. Ndiyo maana sikuandika saa zangu za kazi kwa saa za mteja yeyote: zingekuwa sahihi sehemu ya mwaka tu. Nimeziandika kwa UTC.

Kwa tarehe ya kukabidhi, "Ijumaa mwisho wa siku" siikubali mpaka tuigeuze kuwa saa kamili. Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2026, saa 17:00 ya New York ni 21:00 UTC, na kwangu ni saa sita kamili usiku, Jumamosi inaanza. Wiki mbili nyuma, kabla saa hazijasogezwa, 17:00 hiyohiyo ingekuwa 22:00 UTC. Kwenye ukurasa wa kila mradi naweka muda kwa msimbo huu, na kivinjari humwonyesha kila mtu saa za kwake:

```js
new Date("2026-03-13T21:00:00Z").toLocaleString()
```

Herufi Z ndiyo inayosema muda huu ni UTC. Ikisahaulika, kila kivinjari huchukulia kwamba 21:00 ni saa ya pale kilipo. Wote mtaona 21:00, mtaridhika, na hamtakuwa mnazungumzia wakati mmoja. Njia ya kuigundua ni kubadilisha ukanda wa saa wa kompyuta na kufungua ukurasa upya: namba isipobadilika, kuna kasoro.

Kwenye sifa, nimetenganisha uanachama na ithibati. Kuwa mwanachama wa ATA, chama cha watafsiri cha Marekani, si sawa na kufaulu mtihani wake, na mtihani wenyewe ni wa jozi moja ya lugha, kwa mwelekeo mmoja. Kwa hiyo kila cheti kinatajwa pamoja na jozi, mwelekeo na mwaka, na mahali mteja anapoweza kukihakiki. Kuhusu ISO 17100, kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, nataja kigezo cha mtafsiri ninachokidhi tu, ambacho ni shahada ya fani nyingine pamoja na miaka miwili ya kutafsiri muda wote. Siandiki kwamba huduma yangu inafuata kiwango hicho, kwa sababu kinadai mtu wa pili alinganishe tafsiri na chanzi, na mimi hufanya kazi peke yangu. Mteja anayetaka hatua hiyo anaona palepale kwamba atahitaji kumtafuta mhakiki, au aniombe nimtafute kwa bei ya ziada iliyoandikwa mstari unaofuata.